Niliandika "kitafunguliwa" watu wakaja na ndoo

Mi ni katibu wa kamati ya maji mtaani kwetu, mwaka wa 6 sasa, kazi ambayo malipo yake ni soda siku ya kikao, na kama kuna kitu kimenitesa kwenye kuandika matangazo na ajenda ni lile neno la mwanzo wa jambo. Kitu kinaanza, kinafunguliwa, kinazinduliwa, kinaanzishwa, kinang'oa nanga. Ukiwa unapiga stori na mtu barabarani hayo yote yanapita tu, ila ukishalibandika kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa lenye sahihi na muhuri, watu wanalisoma neno kama lilivyo na wanakudai.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kioski kipya cha maji kilikuwa kimekamilika, tenki la lita 10,000 juu ya mnara, mabomba 4 chini, mgeni rasmi kashakubali kuja Jumamosi saa 8 mchana kukata utepe. Mi nikakaa nikaandika haraka haraka: "Kioski cha maji kitafunguliwa Jumamosi. Wote mnakaribishwa." Basi. Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi mwenyekiti ananipigia, "Katibu uko wapi, hebu njoo uone ulichofanya." Kufika nakuta foleni ya ndoo imezunguka kioski afu imekata kona, mabomba yote yana kufuli, utepe mwekundu umefungwa mlangoni, na mama mmoja mtu mzima kakalia dumu lake mbele kabisa. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa shingo upande afu akasema, "Si we umeandika kitafunguliwa? Haya, fungua."

Sikuwa na la kujibu maana alikuwa sahihi kabisa. Bomba linafunguliwa, maji yanafunguliwa, duka linafunguliwa, na mtu akiambiwa kioski kitafunguliwa anajua anaenda kuchota, hana habari na utepe. Nilikuwa na mambo mawili ya kusema, sherehe ya saa 8 mchana na huduma inayoanza kesho yake asubuhi, yote nikayabebesha neno moja.

Tangu siku ile nina kipimo changu ambacho sikukisoma popote, ni cha kujitungia tu ila kinanisaidia. Kabla sijaandika neno la mwanzo natafuta neno la mwisho wake. Kilichofunguliwa kitafungwa. Kilichoanza kitaisha. Kilichoanzishwa kinaweza kuvunjwa au kufutwa. Kanuni iliyoanza kutumika iko siku itaacha kutumika. Na kilichozinduliwa je? Hapo ndo utaona, hakuna mtu anayekuja kukizimisha, kuzindua ni mara moja imepita, watu wanapiga makofi wanaondoka. Sasa ukiangalia tangazo lako na neno la mwisho halikai, ujue na la mwanzo umelikosea. Mi kile kioski sikuwa na mpango wa kukifunga saa 9 mchana baada ya mgeni kuondoka, maana maji yenyewe yalikuwa hayajafunguliwa bado, kwahiyo "kitafunguliwa" lilikuwa ni uongo hata kama sikukusudia.

Kwenye vikao kuna karatasi tatu na watu wengi wanazichanganya. Kuna barua au tangazo la kuitisha kikao, kuna ajenda, afu kuna muhtasari (ndugu zetu wa Kenya wanaita kumbukumbu). Kila moja ina neno lake.

Kwenye tangazo mwenye kutenda ni kikao chenyewe, kwahiyo kinaanza: "Kikao kitaanza saa 4:00 asubuhi." Rahisi, halina mbwembwe, msomaji anataka kujua atoke nyumbani saa ngapi. Ukiandika "kikao kitafunguliwa saa 4:00" nako siyo kosa la kufa mtu, ila umeahidi kwa niaba ya mwenyekiti kitu ambacho hakiko mikononi mwako, maana kikao hakifunguliwi mpaka akidi itimie. Na tafadhali andika asubuhi au mchana kwa maneno, usiache saa imekaa peke yake, kuna vijana siku hizi wanasoma saa kama simu inavyoonyesha.

Kwenye ajenda neno linageuka, linakuwa kazi ya mtu. Ajenda ya 1: Kufungua kikao. Ya 2: Kuthibitisha ajenda. Ya 3: Kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ya 4: Yatokanayo. Na mwisho kabisa, baada ya mengineyo, Kufunga kikao. Unaona mlango umefunguliwa juu umefungwa chini, ndo maana ukiandika "Kuanza kikao" hapo juu inakaa kama kofia ya mtu mwingine, inabidi na chini uandike "Kuisha kikao" na hiyo hakuna anayeandika.

Kwenye muhtasari ndo hapo saa ya kweli inaingia. Niwape mfano uliotokea kwetu. Kamati ina wajumbe 11, katiba yetu inasema akidi ni 6. Tangazo lilisema kikao kitaanza saa 4:00 asubuhi. Saa 4:00 tuko 3, saa 4:30 tuko 5, tukawa tunasubiri huku tunapiga soga, na kwenye hizo soga watu wakakubaliana kwa mdomo bei ya ndoo ya lita 20 ipande kutoka shilingi 50 hadi 100. Mjumbe wa 6 akaingia saa 4:55. Mi nikaandika hivi:

"Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:55 asubuhi baada ya akidi kutimia, wajumbe 6 kati ya 11 wakiwa wamehudhuria."

Wiki mbili baadae mjumbe mmoja akaja juu anasema bei ilishapitishwa yeye alikuwepo alisikia. Tukafungua muhtasari. Kikao kilifunguliwa saa 4:55, hayo maneno yalisemwa kabla, kwahiyo hayamo, ni soga. Ningekuwa nimeandika "kikao kilianza saa 4:00" kwa kunakili tu tangazo, kama makatibu wengi wanavyofanya, yule bwana angekuwa na hoja na sijui ningemjibu nini.

Sasa kuna mtu atasema mbona Bunge la Tanzania kwenye taarifa rasmi za majadiliano wanaandika "Kikao kilianza saa tatu asubuhi"? Ni kweli wanaandika hivo, afu inafuata dua, na mwishoni utakuta Bunge liliahirishwa mpaka siku fulani. Angalia neno la mwisho, ni kuahirishwa, siyo kufungwa, kwasababu ile ni shughuli moja inayoendelea siku hadi siku, leo inaanza inasimama kesho inaendelea. Neno kufungua wanalitunza kwa siku Rais anapokuja kulihutubia Bunge jipya baada ya uchaguzi, mfano Novemba 2015 pale Dodoma. Hapo utasikia kufungua rasmi, na wengine wanasema kuzindua Bunge, na mi sioni ubaya maana kweli Bunge jipya linazaliwa mara moja.

Ila kuzindua lisitumike ovyo, na hili ndo neno linaloharibiwa zaidi siku hizi. Asili yake ni kumtoa mtu kwenye usingizi au kuzimia, mtu kazirai unampepea anazinduka. Kwahiyo kinachozinduliwa ni kitu kipya ambacho kipo tayari kimelala kinasubiri kuamshwa mbele za watu: kitabu, kampeni, kioski, tawi la benki. Neno lenyewe linaita mgeni rasmi, viti vya plastiki na muziki. Hata mbio za Mwenge zikipita wilayani utasikia miradi inatajwa kwa mafungu, hii imewekewa jiwe la msingi, hii imezinduliwa, hii imefunguliwa, hii imekaguliwa, hawachanganyi tu kwenye kapu moja. Sasa mtu anaandika "tunazindua kikao cha kwanza cha mwaka". Kikao cha watu 11 chini ya mwembe! Semina nayo haizinduliwi, inafunguliwa, hata kama mgeni rasmi ni mkuu wa wilaya, kwasababu jioni atakuja mtu kuifunga.

Na bei. Kuna jirani yetu kamati nyingine waliandika "bei mpya itazinduliwa tarehe 1". Watu walicheka wiki nzima, wanaulizana utepe utakatwa wapi. Bei, kanuni, faini, ratiba ya zamu, hizo zote zinaanza kutumika. Ndo maneno ya kwenye sheria pia, "itaanza kutumika tarehe", na yana faida moja kubwa: yanatofautisha siku tuliyokubaliana na siku unayoanza kutozwa. Kikao kinaweza kupitisha bei tarehe 14, bei ikaanza kutumika tarehe 1 ya mwezi unaofuata, na mtu wa tarehe 20 anachota kwa bei ya zamani bila ugomvi.

Kuanzisha nalo kidogo. Unaanzisha mfuko, kikundi, darasa, mradi, yaani kitu ambacho hakikuwepo na kitabaki. Mwenyekiti haanzishi kikao, anakifungua. Ukisema mtu kaanzisha tu hivihivi, wengi wetu akili inaenda kwenye fujo, fulani kaanzisha.

Kung'oa nanga mi nalipenda sana, lina upepo wa jahazi ndani yake, na watangazaji wa mpira hawawezi kuishi bila hilo, ligi imeng'oa nanga, mashindano yameng'oa nanga. Kwenye grupu la wasapu naandika bila wasiwasi, "jamani tunang'oa nanga saa 4 msichelewe". Kwenye barua yenye YAH: juu yake siandiki. Niliwahi kuandika, mwenyekiti akalizungushia kalamu nyekundu afu pembeni akaweka, "Katibu, bahari iko wapi?"

Mwezi uliopita tumekamilisha kioski cha pili. Tangazo nililobandika ni hili:

"Uzinduzi wa kioski cha pili utafanyika Jumamosi saa 8:00 mchana. Siku hiyo maji hayatauzwa. Huduma ya maji itaanza Jumapili saa 12:00 asubuhi. Baada ya hapo kioski kitafunguliwa kila siku saa 12:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Bei ya shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20 itaanza kutumika siku hiyo ya Jumapili."

Refu kidogo, najua. Jumamosi watu walikuja mikono mitupu na nguo zao nzuri. Yule mama naye alikuja, ila dumu lake alikuwa nalo, kaliweka chini ya kiti, anasema tangazo alilisoma lakini hakuliamini.