Oda iko wapi saa hii? Maswali yenu kuhusu lebo za WhatsApp

*Nauza mashuka Kariakoo, chati zinaingia nyingi mpaka nasahau nani kalipa na nani bado anauliza bei. Hizo lebo nazipangaje?*

Dada, kwanza uwe na WhatsApp Business, ndo yenye lebo hizi. Inakuja na zake tayari kama New customer, Pending payment na Paid, ila majina unaweza kubadilisha, na mimi nakushauri ubadilishe uweke maneno unayoyasema mwenyewe dukani: Kauliza, Nasubiri hela, Kalipa, Imetumwa, Imefika. Hizo tano zinatosha kabisa. App inaruhusu mpaka 20 lakini ukizijaza zote kila chati itakuwa na rangi tatu na hutojua uanzie wapi.

Kwenye Android unaishikilia chati mpaka ichaguliwe, unagusa alama ya lebo kule juu (isipoonekana iko kwenye vidoti vitatu), unatiki, unasevu. Kwenye iPhone unaivuta chati kushoto unaingia More.

Tuseme mteja wa Dodoma kauliza seti ya futi 5 kwa 6, elfu 45. Hapo ni Kauliza. Akisema "nitumie namba ya kulipia" unahamisha kwenda Nasubiri hela, maana sasa ameshaamua na ile seti unamuwekea pembeni. Hela ikiingia inakuwa Kalipa. Ukishaukabidhi mzigo kwenye basi na risiti umempigia picha ukamtumia, Imetumwa. Akikujibu kaupokea, Imefika.

*Nimeweka Paid lakini Pending payment nayo bado ipo palepale, nikamdai mtu aliyekwishalipa. App yangu mbovu?*

Siyo mbovu kaka, lebo haijitoi yenyewe. WhatsApp haijui kwamba hizo ni hatua zinazofuatana, kwake ni rangi tu na chati moja inaweza kubeba kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo kila ukitiki mpya, hapohapo kabla hujasevu toa tiki ya zamani. Na ukitaka kujua kama kuna zilizokupita, ifungue lebo ya Paid halafu pitisha macho, chati yoyote yenye rangi mbili ndo hiyo.

*Mteja akituma skrinshoti ya muamala naweka Kalipa?*

Hapana! Skrinshoti inatengenezwa, na ile meseji ya "umepokea" nayo inaweza kutumwa na mtu yeyote kutoka namba ya kawaida tu, wafanyabiashara wanalizwa hivi sana. Angalia salio na miamala yako mwenyewe kwenye menyu au app ya mtandao wako, uone jina na kiasi, ndo uhamishe. Kama hela haijaingia acha kwenye Nasubiri hela hata mteja akikupigia simu mara tatu. Hii naisisitiza kwa sababu mara nyingi anayefunga mzigo siye anayeshika simu ya malipo, kijana wa stoo akiona Kalipa anafunga na kutoa, hana muda wa kuuliza.

*Kuna mteja wangu ana oda mbili, moja imeshaenda na nyingine hajalipia. Chati ni moja, naweka lebo gani?*

Hapo usiweke kwenye chati, weka kwenye meseji. Ile meseji ya oda yenyewe unaishikilia kisha unaiwekea lebo kama unavyofanya kwenye chati, na ukifungua lebo utaikuta. Ila inabidi kila oda uwe umeiandika kwenye meseji moja iliyokamilika: bidhaa, saizi, rangi, bei, mahali. Oda ikiwa imetawanyika kwenye voisi noti na "ile ya juu", hamna meseji ya kuwekea lebo, kwa hiyo iandike wewe umtumie akuthibitishie, lebo ikae kwenye hiyo.

*Mteja anaziona?*

Haoni, unaziona wewe na wenzako mliounganisha akaunti hiyohiyo. Hata hivyo usiandike lebo ya "Msumbufu", siku ukimuonyesha mteja kitu kwenye simu yako ataiona.

*Lebo ninazo zote ila oda bado zinasahaulika, hasa za mkoani.*

Lebo haikukumbushi kitu, haina kengele wala haikuonyeshi imekaa siku ngapi. Inabidi uzifungue wewe, mimi nasema jioni kabla ya kufunga duka, na anza na Kalipa maana humo kuna hela za watu na mzigo bado uko kwako. Ukimaliza ingia Imetumwa: mzigo wa Dodoma uliopanda basi leo asubuhi, kesho mchana mteja yupo kimya, usisubiri alalamike. Mpigie wa ofisi ya basi umtajie namba ya risiti, ukiambiwa umeshuka mwambie mteja aende na kitambulisho. Kauliza unaweza kuiacha mpaka kesho.