Runinga inayopiga mluzi ikiwa stendibai

"Runinga yangu ya inchi 32 inalia kama mbu nikiizima kwa rimoti. Imeanza kufa?"

Habari ndugu. Iwashe kwanza, usikilize. Mluzi ukipotea picha inapotokea, kwa kawaida si ubovu. Ikiwa stendibai, saketi ya umeme ina mzigo mdogo, hivyo inafanya kazi kwa vipindi vifupi, na transfoma hutetemeka kwa kasi ambayo sikio linaisikia. Adapta ya simu iliyoachwa kwenye soketi hulia vivyo hivyo.

Yangu ilianza hivyo, ila baada ya miezi mluzi ukaongezeka, kisha ikawa inachukua dakika nzima kuwaka huku taa nyekundu ikipepesa. Hapo ndipo pa kushtuka. Fundi alipofungua, kapasita mbili za upande wa volti ndogo, yaani vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, zilikuwa zimevimba kichwani. Akaweka za maikrofaradi 1000 zilezile, ila za volti 25 badala ya 16, zinazohimili joto la nyuzi 105. Ikanyamaza.

Usifungue mwenyewe: kapasita kubwa inaweza kubaki na volti 300 na ushei hata ukichomoa waya. Ukisikia harufu ya kuungua, au adapta haishikiki kwa joto, chomoa na usiirudishe.