Maswali na Majibu: Barua Pepe Zilizozidi Mwaka Mmoja

"Kuanzia mwezi ujao, barua pepe zote zilizozidi umri wa mwaka mmoja zitahamishiwa kwenye hifadhi ya nyaraka kiotomatiki." Hilo ndilo tangazo zima la ofisa TEHAMA ambalo wasomaji kadhaa wamenitumia pamoja na maswali yao. Wote wanatumia Outlook iliyounganishwa na Exchange Online, kwa hiyo majibu yangu yanahusu mfumo huo.

Je, barua zangu za zamani zitafutwa?

Hapana, tangazo linasema zitahamishwa, na nawasihi wasomaji walisome hadi mwisho kabla ya kuniandikia, kwa sababu swali hili nimeletewa na karibu kila mtu.

Tuna majadiliano ya mkataba yaliyoanza zamani na bado yanaendelea. Yatahama yote au yatabaki yote?

Hayatahama yote wala hayatabaki yote, na hapa ndipo ningependa wafanyakazi wote wasome kwa makini. Mfumo hauyatambui majadiliano kama kitu kimoja. Unapima umri wa kila barua peke yake, ukihesabu tangu siku ilipopokelewa, au tangu ilipoundwa ikiwa ni rasimu ambayo haikutumwa. Kuihamisha barua kutoka folda moja hadi nyingine, au kuifungua tena jana, hakuifanyi iwe mpya.

Tuchukue mfano. Mkataba uliosainiwa uliletwa kama kiambatisho tarehe 12 Februari 2024. Mwenzako aliuliza kuhusu kifungu cha malipo tarehe 3 Juni 2024, na mzabuni akajibu tarehe 20 Mei 2025 kwamba atatekeleza kama mlivyokubaliana. Mfumo ukipita tarehe 10 Juni 2025, barua mbili za kwanza zitaondoka na ya tatu itabaki. Utaifungua ile iliyobaki, utaona chini yake maneno ya barua zilizotangulia yakiwa yamenukuliwa, nawe utadhani kwamba kila kitu kipo. Mkataba wenyewe haupo hapo, kwa sababu mtu anapojibu barua, viambatisho vya barua anayoijibu haviendi pamoja na jibu lake. Utaukuta kwenye hifadhi ya nyaraka, ndani ya folda yenye jina lilelile la folda ulikotoka.

Nimesema mara nyingi katika safu hii, na sitachoka kusema, kwamba kisanduku cha barua si mahali pa kutunzia mikataba. Waraka unaoifunga ofisi kisheria uwekwe kwenye folda ya pamoja ya idara siku ileile unapopokelewa, ili upatikane hata mpokeaji akihama kazi.

Nimetafuta barua ya zamani kwenye simu, sioni chochote. Imepotea?

Haijapotea. Programu ya Outlook ya simu haionyeshi kabisa hifadhi ya nyaraka, kwa hiyo ukitafuta kwa simu utapata majibu ya kisanduku kikuu pekee. Fungua Outlook kwenye kompyuta, au ingia kupitia kivinjari, kisha uangalie upande wa kushoto, chini ya folda zako za kawaida. Utaona jina linaloanza na "Online Archive" au "In-Place Archive". Bofya kwanza folda iliyo ndani yake, ndipo uandike neno unalolitafuta, kwa maana ukianza kutafuta ukiwa kwenye kikasha, matokeo yanaweza kuishia kwenye kisanduku kikuu bila kukuonya. Jambo jingine ni kwamba hifadhi hii hainakiliwi kwenye kompyuta yako kama kisanduku kikuu kinavyonakiliwa, kwa hiyo bila mtandao huwezi kuifikia. Anayesafiri kwenda kwenye mkutano na atahitaji barua ya miaka miwili iliyopita aitoe mapema.

Mimi huwa nabonyeza kitufe cha "Archive" kila siku. Si ndicho hichohicho?

Sicho. Kitufe hicho huipeleka barua kwenye folda iitwayo "Archive" iliyo ndani ya kisanduku kikuu kilekile, na barua hiyo nayo itahamishwa itakapotimiza mwaka.

Nikiirudisha barua kwenye kikasha, itakaa?

Itakaa siku chache tu. Mfumo hukipitia kila kisanduku angalau mara moja katika siku 7, na ukiikuta barua hiyo bado ina umri uleule uliozidi mwaka, utaihamisha tena. Ikiwa kweli unaihitaji karibu, iweke kwenye folda maalumu, ingia kupitia kivinjari, bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utafute "Assign policy", kisha uchague alama ya kutohamisha kamwe, ambayo kwa kawaida huandikwa "Personal never move to archive". Usipoiona, ofisa TEHAMA hakuiruhusu, na ni yeye wa kuulizwa. Kumbuka pia kwamba barua inalindwa na alama ya folda ikiwa ndani ya folda hiyo tu. Ukiitoa na kuipeleka kwingine, ulinzi huo unaisha. Nawaonya wale watakaoiweka alama hiyo kwenye kikasha chote: kisanduku kikijaa, hamtapokea wala kutuma barua.

Kwa tahadhari nimeanza kunakili barua zangu zote kwenye faili la .pst ndani ya flashi. Nimefanya vizuri?

Umefanya vibaya, na nakuomba uache leo. Barua ambazo zilikuwa kwenye seva, nyuma ya nywila yako, sasa zimo kwenye kifaa kinachoweza kusahaulika mezani na kufunguliwa na yeyote atakayekiokota. Flashi ikiharibika, hakuna atakayeweza kukurudishia faili hilo. Na ofisi ikitakiwa na mahakama au wakaguzi kutoa mawasiliano kuhusu jambo fulani, utafutaji unaofanywa kwenye seva hautalifikia. Ikiwa ulizihamisha barua badala ya kuzinakili, basi nakala pekee iko mikononi mwako, nawe ndiwe utakayeulizwa. Zirudishe kwenye kisanduku chako, uhakikishe kwamba zimefika, kisha ufute faili hilo.

Mimi ndiye ofisa TEHAMA niliyetoa tangazo la namna hiyo. Nilipaswa kuongeza nini?

Nakushukuru kwa kuuliza. Ulipaswa kueleza barua zinakwenda wapi, kwamba hazionekani kwenye simu, na kwamba majadiliano yatakatika katikati. Zaidi ya yote, ulipaswa kusema wazi kama sera hiyohiyo ina kanuni ya pili ya kufuta barua baada ya miaka kadhaa, kwa sababu kanuni ya kufuta huzifuata barua hadi ndani ya hifadhi ya nyaraka. Mfanyakazi aliyeambiwa kwamba barua "zitahamishwa" ana haki ya kujua kama siku moja zitafutwa, na lini.

Wako pia wafanyakazi walio kwenye likizo ndefu, ambao hawajaliona tangazo lako. Simamisha sera kwenye visanduku vyao hadi watakaporudi:

```
Set-Mailbox -Identity jina@ofisi.example -RetentionHoldEnabled $true
```

Mtu akisharudi na kuelezwa, tumia amri hiyohiyo ukiweka `$false`. Usiposimamia hilo, kisanduku chake kitabaki nje ya sera bila mtu yeyote kujua.