Z, yaani kasi ya vifo vyote vya tasi, imetoka wapi?

"Ripoti ina urefu wa tasi wa kila mwezi tu. Wamepataje Z = 1.5 kwa mwaka bila kuhesabu waliokufa?"

Wameisoma kwenye wastani wa urefu. Kwanza hufuata kilele cha samaki wadogo kinavyosogea mwezi hadi mwezi. Hapo ndipo K, kasi ya kukua, na L∞, urefu wa juu ambao samaki huukaribia akizeeka, zinapotoka. Kisha huchukua samaki kuanzia urefu ambao dema linawanasa vizuri (Lc) na kutafuta wastani wao (Lm). Vifo vikiwa vingi, wachache hufikia ukubwa, na wastani hubaki karibu na Lc.

```
Z = K × (L∞ − Lm) / (Lm − Lc)
0.5 × (40 − 25) / (25 − 20) = 1.5
```

Sasa weka L∞ 45 badala ya 40, mengine yabaki: Z inakuwa 2.0. Kwa hiyo mimi ningeangalia kwanza kama walipima tasi wakubwa wa kutosha. Kama wakubwa huhamia kwenye maji ya kina au hawapiti mdomo wa dema, hesabu itawaona wamekufa.

Anayesema kwamba 1.5 yote ni uvuvi amepatia nusu: humo mna pia vifo vya asili, M, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kwa fomula ya Pauly kutoka L∞, K na joto la maji. Hiyo M ndiyo naiamini kidogo kuliko zote.

— Mimi nafuga sato bwawani, itanifaa?

Hapana, ndugu. Wewe unajua ulipanda wangapi. Wahesabu tu unapovuna.