Orodha ya hatari kabla ya kuandika apu ya kikoba

"Wakuu, naanza apu yangu ya kwanza, ya kutunza kumbukumbu za kikoba cha mtaani. Nimeambiwa niorodheshe hatari kwanza ndipo niandike msimbo. Naanzia wapi, na wadukuzi nawazuiaje?"

Mkuu, wadukuzi waweke pembeni kwanza. Mimi niliandika apu kama hiyo kwa kikundi cha akina mama 28, na orodha yangu ya kwanza ilijaa wadukuzi watupu. Haikunisaidia kitu. Akili ilinijia siku nilipohudhuria kikao chao nikaliona sanduku.

Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Maana yake walishajiuliza zamani: je, huyu akiingiwa na tamaa? Nikafungua daftari, nikachora safu tatu: kitu gani, nani anaweza kukifikia, akikifikia atafanya nini. Sharti langu likawa safu ya pili iwe na mtu ninayeweza kumtaja kwa cheo au undugu. "Mtu mbaya" haikubaliki.

Mstari wa kwanza ukawa mweka hazina. Kwenye mchoro wangu angeweza kufungua rekodi ya mwanachama, kubadili 50,000 iwe 5,000, akahifadhi, basi. Yaani apu ilikuwa imezing'oa kufuli zote tatu! Nikaamua rekodi ya fedha haifutwi wala haibadilishwi. Ukikosea unaandika rekodi nyingine ya kusahihisha, na haihesabiwi mpaka kiongozi wa pili aithibitishe kwa simu yake mwenyewe. Hili ukilikumbuka baada ya kuandika msimbo, unabomoa nusu ya databesi.

Mstari wa pili sikuubuni mimi. Nilipomwambia katibu kwamba kila mtu atapata meseji yenye salio lake, akacheka: "Mwanangu, unataka watu waachike?" Ndani ya kikundi akiba si siri, inahesabiwa mbele ya wote. Siri ni nyumbani, ambako simu hushikwa na mume, watoto, na shemeji anayeomba kupiga mara moja. Kwa hiyo meseji zikabaki "Una taarifa mpya" bila kiasi wala jina la kikundi, na apu ikawa inadai namba ya siri kila inapofunguliwa, tena inajifunga baada ya dakika mbili.

Sasa nilipoteleza. Kwenye daftari niliandika "mwanachama wa kikundi kingine", mbele yake nikajaza "hawezi, hana akaunti ya huku". Kikundi cha pili kilipojiunga, kijana mmoja wao akaniletea picha ya skrini yenye salio la mama wa kikundi cha kwanza. Hakuvunja chochote. Aliingia kwa akaunti yake halali, akabadilisha namba moja tu kwenye anwani:

```
/api/akaunti/14
/api/akaunti/15
```

Seva yangu iliuliza "umeingia?" lakini haikuuliza "hii ni yako?". Dawa yake ni fupi:

```
SELECT * FROM akaunti
WHERE id = ? AND kikundi_id = ?
```

Hiyo `kikundi_id` itoke kwenye kumbukumbu za seva kuhusu aliyeingia, kamwe isitoke kwenye ombi lililotumwa na simu, maana linalotoka kwenye simu linaweza kuchezewa. Kujijaribu ni rahisi: tengeneza akaunti mbili za vikundi tofauti, ingia kwa moja, omba vitu vya nyingine. Ukijibiwa kitu zaidi ya kukataliwa, unavuja.

Upande wa akaunti, angalia namba ya simu. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba hiyo baadaye anaweza kuuziwa mtu mwingine. Akiomba kubadili namba ya siri kwa meseji, kwako yeye ndiye mama fulani. Mimi meseji pekee haitoshi kurejesha akaunti, lazima viongozi wawili wathibitishe kikaoni. Ni usumbufu, nakubali.

Namba ya NIDA nilitaka kuikusanya, nikaacha. Tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na apu haikuihitaji popote. Usichonacho hakiibiwi kwako.

Nilijua orodha imetosha nilipowasomea viongozi kwa sauti na kila mstari ukawa na jibu, au neno "tumekubali" lililoandikwa mbele yao. Uliobaki hivyo ni mmoja tu: viongozi wenyewe wakila njama. Mwenyekiti akasema hata sanduku halijawahi kuliweza hilo, tukaendelea na ajenda.