Ubeti wa pili kaimba nani? Nilivyomtafuta mgeni ambaye kava haimtaji

Mimi ni dijei wa harusi hapa Malaba, upande wa Uganda, na kazi yetu hii ukipiga wimbo unatangaza kaimba nani, ndo heshima yenyewe. Sasa kuna wimbo mmoja wa Kiganda, kidandali safi kabisa, nimeupiga miaka mingi, ubeti wa pili unaingia kijana anachana kwa Kiswahili na ukumbi wote unaamka. Kava ina jina la mwimbaji mkuu peke yake. Mimi nilikuwa natangaza huyo mgeni ni rapa fulani wa Kenya, kwa sababu chini ya vidio watu wote wameandika hivyo, na mimi nikaamini.

Siku moja kwenye kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi, nimetangaza hivyo, mzee mmoja akanifuata mpaka kwenye mashine. Mzee huyu ameendesha malori maisha yake yote, Mombasa mpaka Mpondwe kule mpaka wa Kongo. Akaniambia, "Kijana wangu, huyo sio Mkenya. Sikiliza anavyosema watu." Nikarudisha nyuma, nikavaa hedifoni, na kweli jamaa anasema "batu". Sio watu, ni batu. Nimepiga huo wimbo pengine mara mia na sijawahi kuisikia. Niliumia, maana ina maana kila harusi nimekuwa nampa mtu mwingine jasho la mwenzake.

Basi nikaanza kutafuta, na naandika nilivyofanya kwa sababu nyimbo za hivi kwetu ni nyingi mno.

Kitu cha kwanza usikimbilie sauti, anza na faili yako. Hakikisha kwanza huo wimbo ulionao ndo ule ule uliopo kwenye kava, kwa sababu sisi huku nyimbo tumezipata kwa flashi, kwa bluututhi, kwa watu wa kuchoma sidii, na mtu akikosa kava anabandika yoyote ya huyo msanii. Kwenye laptopu mimi natumia hii:

```
ffprobe -hide_banner wimbo.mp3
```

Inakuonyesha `title`, `artist`, `album_artist`, `composer`, `comment` kama zipo, na `Duration`. Yangu ilikuwa na `artist` tu, na kwenye `comment` kuna anwani ya tovuti ya kudaunilodi ambayo siku hizi haifunguki. Lakini cha maana kilikuwa `Duration`: dakika 4 na sekunde 31. Nikaenda kwenye chaneli ya msanii mwenyewe YouTube, wimbo huo huo una dakika 3 na sekunde 52. Tofauti ni sekunde 39.

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Ubeti wa kuchana mara nyingi unakuwa na baa 16, kila baa ina mapigo 4, kwa hiyo mapigo 64. Nikapima spidi ya biti nikakuta 98 kwa dakika. Chukua 64 zidisha kwa 60 gawanya kwa 98, unapata sekunde 39 na kidogo. Yaani tofauti ya hizo faili mbili ni ubeti mmoja kamili, hakuna zaidi. Nikausikiliza ule wa chaneli mpaka mwisho, na kweli mgeni hayupo. Nilichokuwa nacho mimi ni remiksi, ila neno remiksi limepotea njiani, na mtu kaivalisha kava ya wimbo wa kwanza. Kwa hiyo kava haikudanganya, ni kava ya wimbo mwingine. Na ndo maana Shazam haikunisaidia, ile inatambua alama za sauti za rekodi, na kama remiksi imetumia biti na kiitikio kile kile inaweza kukurudishia wimbo wa kwanza na majina ya wimbo wa kwanza.

Kama faili zingelingana urefu, ningejua mgeni alikuwepo tangu mwanzo na hakuandikwa. Hiyo ipo sana pia, mtu kaingia studio kumsaidia rafiki, wakati wa kupandisha wimbo kwenye mitandao anayejaza fomu anaandika jina moja anamaliza.

Baada ya hapo ndo majina ya watunzi. Spotify kuna `View credits`, na YouTube zile vidio zenye picha ya kava tu, ambazo maelezo yanaanza na `Provided to YouTube by`, huko chini mara nyingi kuna `Composer` au `Lyricist`. Hapa unatakiwa kujua kwamba wanaandika majina ya kitambulisho sio ya stejini. Ukiona Joseph Mayanja huyo ni Jose Chameleone, Moses Ssali ni Bebe Cool. Watu wengi wanapita hapo juu juu kwa sababu jina hawalijui, kumbe mtu wanayemtafuta yupo mbele ya macho yao.

Mimi nilikuta majina mawili, la mwimbaji mkuu na la mtu mwingine. Nikafurahi nikadhani nimemaliza. Halafu nikajiuliza, haya maelezo ni ya wimbo gani? Ni ya ule wa dakika 3:52, ambao mgeni hayupo kabisa! Jina kuwepo kwenye wimbo ambao ubeti wa mgeni haupo haitoshi kusema huyo ndo mgeni. Nikaangalia nyimbo zingine zenye jina hilo, zote za wasanii tofauti lakini mwanzoni kuna ile sauti ya prodyuza anajitaja, sauti moja. Alikuwa prodyuza. Hata ungekuwa wimbo sahihi, bado kumbuka mtunzi sio lazima awe mwimbaji, kuna watu wanaandikiwa mistari yote.

Sasa ndo sauti. Fungua Audacity, chagua ule ubeti tu pamoja na sekunde kama tano kabla haujaanza, nenda `Change Tempo`, weka -20. Usitumie `Change Speed and Pitch`, hiyo inashusha na sauti yenyewe inakuwa nzito humtambui mtu. Hizo sekunde za kabla ya ubeti ndo dhahabu, rapa wengi hapo ndo wanajitaja au wanataja kwao, kwa haraka na chini ya biti. Yangu ilipopungua spidi nikasikia neno "Bwera". Bwera ni pale pale Kasese, jirani na Mpondwe. Mzee wa malori alikuwa sawa.

Na matamshi, niseme kidogo hapa maana ndo kitu ambacho sisi tunaoishi na Kiswahili cha kila aina tuna faida nacho. Mganda aliyekulia kwenye Kiganda, kwake l na r ni kama sauti moja, baada ya i na e inakuwa r na kwingine inakuwa l, kwa hiyo Kiswahili chake mara nyingi utasikia "habali" na "kira siku". Huyu kijana alisema habari na kila bila shida. Mkenya wa Nairobi angeleta maneno ya Sheng, sikusikia hata moja. Nilichosikia ni "batu" na "minapenda", na hicho ni Kiswahili cha upande wa Kongo ambacho kinavuka mpaka kila siku na wafanyabiashara. Lakini hii inakupa sehemu ya kutafuta tu, jina haikupi, mtu anaweza kuiga lafudhi akiwa anachana. Wala usitumie vidio za shoo kama ushahidi, stejini ubeti wa mgeni anaimba yeyote aliyepatikana siku hiyo.

Kuhusu zile komenti za "ni rapa wa Kenya", nilizipanga kwa tarehe. Wa kwanza aliuliza, "huyu sio fulani kweli?" na alama ya kuuliza. Waliofuata wote wakaandika bila alama ya kuuliza. Komenti arobaini, chanzo kimoja, tena mtu ambaye alikuwa anauliza.

Ilibaki kumpata prodyuza. Namba ya studio niliipata kwenye bango la zamani la shoo, ikawa bado inafanya kazi. Na hapa ndo watu wanaharibu: ukimuuliza "ule ubeti ni wa fulani, sivyo?" mtu mwenye haraka atakujibu ndio umalizane naye. Usitaje jina lolote. Pia usitaje wimbo peke yake, maana zipo mbili, atafikiria ule mwingine. Mimi nilikata klipu ya sekunde 20 ya ubeti wenyewe nikamtumia WhatsApp, nikaandika, "Salamu kaka, hii sauti ulirekodi ya nani?" Basi. Alijibu kesho yake. Alisema mashine ya zamani ilikufa na mafaili yote, hawezi kunionyesha kitu, ila anamkumbuka vizuri, alikuja na basi la usiku kutoka Kasese, akarekodi asubuhi, akarudi siku hiyo hiyo. Akanipa jina la stejini.

Kumbukumbu ya mtu mmoja bado ni ya mtu mmoja. Nikatafuta nyimbo zingine zenye hilo jina, nikapata mbili ambazo kaandikwa wazi, na zote anaanza na ile ile "Bwera" kwa kasi ile ile, na "batu" yake ipo. Nikaomba namba yake. Nilipompigia sikumwambia nimesikia nini, nilimuomba tu anisimulie walivyorekodi. Akasema kuna mstari karibu na mwisho alikosea pumzi, wakamrudishia neno la mwisho peke yake na prodyuza akaliweka sikio la kulia tu. Simu bado iko sikioni, mkono wa pili nachomeka hedifoni kwenye laptopu, naenda pale kwenye mstari. Neno la mwisho linatoka kulia peke yake.

Alinyamaza kidogo nilipomwambia huku Malaba watu wanasimama wote ubeti wake ukiingia. Akasema hakuwahi kujua kama wimbo ulifika upande huu.

Hapa jina lake sijaliweka kwa sababu ameniomba nisubiri mpaka aongee na mwenye wimbo kuhusu kuandikwa rasmi, na ni haki yake. Lakini kwenye faili yangu nimeshasahihisha, `artist` nimeacha mwimbaji mkuu, kwenye `title` nimeongeza `(Remix) feat.` na jina lake, na ile kava nimeitoa. Jumamosi iliyopita nilikuwa na harusi, mzee wa malori alikuwa amekaa meza ya pili. Ubeti ulipokaribia nikashusha sauti ya biti kidogo, nikasema jina, nikasema kijana wa Bwera. Mzee akainua soda yake.