Pimeni mlango wa kanzidata kabla ya kuongeza seva

> Wakuu, Jumamosi saa nne asubuhi tunafungua mauzo ya tiketi za mechi ya watani wa jadi kupitia programu yetu. Tunatarajia watu kama 20,000 waingie kwa mpigo. Kanzidata ni PostgreSQL. Mshauri wetu anasema tuziwekee seva mpangilio wa kujiongeza zenyewe, basi. Inatosha?

Haitoshi. Seva zikijiongeza zenyewe mbele ya kanzidata moja, zitaiangusha mapema kuliko kama mngebaki na seva chache. Ushauri huohuo tulipewa sisi, kwa maneno yaleyale, na mtu aliyelipwa vizuri na ambaye hakuuliza hata mara moja kanzidata yetu inaruhusu miunganisho mingapi.

Fanya hesabu hii leo: idadi ya seva mara miunganisho ya kila seva, kisha linganisha na kikomo cha kanzidata. Sisi tulikuwa na seva 6, kila moja ikiwa na akiba ya miunganisho 20, na PostgreSQL iliwekewa kikomo cha miunganisho 200. Usipokigusa kikomo hicho huwa ni 100, kwa hiyo huenda wewe una nafasi ndogo zaidi. Mauzo yalipofunguliwa, idadi ya maombi ilipanda na seva zikaanza kujiongeza kama tulivyoahidiwa. Seva ya kumi ilipoingia, nafasi zote 200 zilikuwa zimekwisha, na kila seva iliyofuata ilipokewa na ujumbe huu:

```
FATAL: sorry, too many clients already
```

Kilichofuata ndicho ambacho washauri wa aina hii hawakisimulii. Kigawa mzigo kilikuwa kinapima uzima wa seva kwa kuziomba ziulize swali dogo kwenye kanzidata. Seva mpya zilishindwa swali hilo, zikahesabiwa kuwa zimekufa, zikaondolewa, nyingine zikawashwa mahali pake, nazo zikaenda kugonga mlango uleule uliojaa. Wakati huohuo mashabiki waliona skrini imeganda, wakabonyeza tena na tena, na mtu mmoja akawa maombi matano. Tulipompigia simu mshauri wetu, alisema tupandishe kikomo kifike 1,000. Hakutukumbusha kwamba badiliko hilo halishiki mpaka PostgreSQL izimwe na kuwashwa upya, tena katikati ya mauzo, wala kwamba kila muunganisho ni mchakato kamili wenye kumbukumbu yake, na mashine yenye viini 8 haiwezi kuhudumia michakato 1,000 inayotaka kufanya kazi kwa pamoja. Ilipowaka, ilikwenda polepole kuliko mwanzo. Bado nina hasira na jambo hili, kwa sababu watu walikatwa fedha na tiketi hawakuiona.

Sababu hasa ilionekana tulipoitazama kanzidata kutoka ndani, na nakuomba uizoee hoja hii kabla ya Jumamosi:

```sql
SELECT state, wait_event_type, count(*)
FROM pg_stat_activity
GROUP BY 1, 2;
```

Ukiona miunganisho mingi iko `active` lakini inasubiri `Lock`, na michache iko `idle in transaction`, basi hiyo michache imeshika kufuli na imekaa bila kufanya lolote. Kwetu, programu ilikuwa inafungua transaksheni, inapunguza idadi ya tiketi za mzunguko kwenye mstari mmoja wa jedwali, inatuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, inamsubiri aweke namba ya siri, ndipo inafunga transaksheni. Mteja akitumia sekunde 20 kuweka namba ya siri, mstari ule unafungwa kwa sekunde 20, na kila anayetaka tiketi ya mzunguko anasimama nyuma yake. Hizo ni tiketi 3 kwa dakika. Hata mngekuwa na seva 500, zingekuwa tiketi 3 kwa dakika.

Kwa hiyo tenganisheni kushika tiketi na kulipa. Kila tiketi iwe na mstari wake, ishikwe kwa muda maalumu kwa hoja moja fupi, transaksheni ifungwe, na ombi la malipo litumwe baada ya hapo:

```sql
UPDATE tiketi
SET hali = 'imeshikwa', mteja = $1,
    mwisho = now() + interval '5 minutes'
WHERE id = (
  SELECT id FROM tiketi
  WHERE daraja = 'mzunguko' AND hali = 'wazi'
  LIMIT 1 FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING id;
```

Maneno `SKIP LOCKED` yanaiambia PostgreSQL iruke mstari ulioshikwa na mwingine badala ya kuusubiri. Kazi ndogo ya pembeni irudishe sokoni tiketi ambazo muda wake umepita. Jibu la malipo likichelewa na likamkuta mteja ameshapoteza tiketi yake, mtafutieni nyingine ya daraja hilohilo, na ikikosekana fedha yake irudishwe bila yeye kuja kulalamika.

Hata baada ya hapo, watu 20,000 hawaruhusiwi kufika kwenye kanzidata kwa wakati mmoja, na hapa ndipo ninapokusihi usikubali kushawishiwa vinginevyo: idadi ya wanaoingia iamuliwe na uwezo wa kanzidata, si na idadi ya waliofika. Fanyeni jaribio la mzigo mpaka muone ni manunuzi mangapi kwa sekunde yanapita bila kuanza kuchelewa. Tuseme ni 40. Basi ruhusuni watu 30 kwa sekunde, na wengine wakae kwenye foleni iliyo nje kabisa ya PostgreSQL. Foleni hiyo inatosha kuwekwa kwenye Redis, hifadhi ya data ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine:

```
ZADD foleni NX 48213 mteja:8841
ZRANK foleni mteja:8841
```

`NX` inazuia mtu anayebonyeza upya asibadilishiwe nafasi, na kwa hiyo kubonyeza hakumsaidii tena wala hakuwaumizi ninyi. Wanaofika kabla ya saa nne wapewe namba za bahati nasibu, wanaofika baadaye wapewe namba kubwa zaidi kwa mpangilio wa kufika. Simu iulize nafasi yake kila baada ya sekunde 10 hivi, ikiongeza sekunde chache za kubahatisha ili zote zisiulize kwa pamoja. Hayo ni maombi yapatayo 2,000 kwa sekunde, na Redis inayabeba bila kutoka jasho. Kwa kasi ya watu 30, mtu wa mwisho ataingia baada ya dakika 11 hivi, na mwambieni hivyo kwenye skrini, kwa sababu shabiki anayeona nafasi yake inasogea anavumilia.

Zamu ikifika, mteja apewe kibali kilichotiwa sahihi chenye muda wa mwisho, na njia ya kununua ikague kibali hicho kwenye kila ombi. Msipokagua, wenye roboti wataipita foleni na kugonga njia ya kununua moja kwa moja.

Siku yenyewe, zimeni kujiongeza kwa seva, muwashe mapema idadi mliyoipigia hesabu ya miunganisho, na kipimo cha uzima kisiguse kanzidata. Saa nne ikigonga, anzeni kwa kuruhusu watu 10 kwa sekunde huku mmoja wenu akirudia ile hoja ya `pg_stat_activity`, na msipandishe mpaka 30 kabla ya kuona kwamba wanaosubiri `Lock` hawaongezeki.